Jinsi ya kupima volatiliti ya dhahabu kwenye shiti na kuilinganisha na hisa: GLD na SPY, mwaka 2017 na 2020

Kuna msemo umezoeleka sana kwenye magrupu ya uwekezaji, kwamba dhahabu imetulia na hisa ndo zinayumba. Sasa ukichukua mwaka 2017 ukapiga hesabu mwenyewe unakuta kinyume chake, dhahabu iliyumba zaidi kuliko indeksi ya S&P 500, halafu ukichukua 2020 unakuta hisa zimeiacha dhahabu mbali sana. Miaka yote miwili ni ya kweli na hesabu ni ileile. Kwa hiyo hapa naelekeza jinsi ya kuijenga hiyo hesabu kwenye Google Sheets kuanzia bei mpaka chati, na zaidi ya hapo wapi inaharibika kimyakimya bila shiti kukuonyesha kosa lolote, manake hapo ndo wengi wanapotea.

Tukubaliane kwanza tunapima nini. Volatiliti ya kihistoria ni kipimo cha jinsi mabadiliko ya bei ya kila siku yanavyotawanyika kuzunguka wastani wake, kisha tunakipandisha kiwe cha mwaka ili kiwe rahisi kulinganisha. Hatupimi bei yenyewe, tunapima ritani, yaani bei imesogea kiasi gani kutoka jana kuja leo. Hilo usilisahau kwa sababu kuna watu wanapiga standadi divieshen moja kwa moja kwenye kolamu ya bei, wanapata namba kubwa ya dola ambayo haiwezi kulinganishwa na kitu chochote.

Kuchukua bei

Kwa dhahabu tutatumia GLD, mfuko unaoshikilia dhahabu halisi na kuuzwa New York kama hisa tangu Novemba 2004. Kwa hisa tutatumia SPY, unaofuata S&P 500, huu upo tangu 1993. Sababu ya kuchagua hii miwili badala ya bei ya dhahabu ya London ni kwamba yote inafunga sokoni saa ileile, saa kumi jioni ya New York, siku zilezile, kwa dola. Bei ya London ya mchana inapangwa saa tisa alasiri ya kule, muda ambao New York bado ni asubuhi, kwa hiyo ukiiweka sambamba na bei ya kufunga ya SPY unalinganisha siku mbili ambazo hazifanani. Kitu kikitokea New York mchana, SPY inakionyesha leo na London inakionyesha kesho.

Fungua shiti mpya, kwenye A1 andika:

```
=GOOGLEFINANCE("NYSEARCA:GLD","close",DATE(2019,12,31),DATE(2021,1,1),"DAILY")
```

Kwenye C1 weka ileile ila ubadilishe jina:

```
=GOOGLEFINANCE("NYSEARCA:SPY","close",DATE(2019,12,31),DATE(2021,1,1),"DAILY")
```

Angalia tarehe ya kuanzia, sio Januari, ni 31 Desemba 2019. Ritani ya siku ya kwanza ya 2020 inahitaji bei ya siku iliyopita, ukianza Januari unapoteza siku moja. Na mwisho nimeweka 1 Januari 2021 ambayo soko limefungwa, ili siku ya mwisho ya Desemba isiachwe nje. Kama shiti yako inakataa mkato kati ya vipande vya fomula, jaribu nukta mkato, hiyo inategemea nchi uliyochagua kwenye File > Settings > Locale.

Utapata kolamu A tarehe, B bei ya GLD, C tarehe tena, D bei ya SPY, na mstari wa kwanza ni vichwa. Mwaka 2020 soko la New York lilifunguliwa siku 253, kwa hiyo ukijumlisha na ile siku moja ya Desemba unatakiwa uwe na bei 254, kuanzia mstari wa 2 mpaka wa 255. Ukiona pungufu au zaidi simama hapo hapo utafute sababu, usiendelee.

Kabla ya kugusa kitu kingine, kopi kolamu zote nne kisha zipesti palepale kwa Paste special > Values only. Fomula ya GOOGLEFINANCE inajisasisha yenyewe na kuna siku inagoma kuleta data, ukiiacha hai utarudi kesho ukute hesabu yako yote imejaa #N/A.

Sasa kwenye E2 weka kipimo cha tarehe na uvute mpaka chini:

```
=INT(A2)=INT(C2)
```

Hiyo INT ina kazi. Google inaleta tarehe pamoja na saa ndani yake, na siku nyingine soko linafunga mapema saa saba mchana, mfano siku ya baada ya Thanksgiving, hivyo tunakata saa tunabaki na siku. Kolamu nzima iseme TRUE. Ikitokea FALSE moja katikati basi kuanzia hapo kushuka chini kila kitu kimehama mstari mmoja. Shiti haitalalamika, itakupa tu namba nzuri za uongo.

Ritani, na kwa nini ya logi

Kwenye F3, sio F2, andika ya dhahabu, na kwenye G3 ya hisa, vuta zote mpaka mstari wa 255:

```
=LN(B3/B2)
=LN(D3/D2)
```

Ukipenda unaweza kutumia ya kawaida, B3/B2-1, na kwa siku nyingi majibu yatafanana mpaka desimali ya tatu. Tofauti inaonekana siku za kishindo. Tarehe 15 Aprili 2013 dhahabu ya mkataba wa Juni kule Comex, soko la mikataba ya dhahabu la New York, ilifunga 1,361.10 kutoka 1,501.40 ya Ijumaa. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni kushuka kwa asilimia 9.34, kwa logi ni 9.81. Faida ya logi ni kwamba zinajumlishika: bei ikitoka 100 kwenda 50 kisha ikarudi 100, ritani za kawaida ni hasi 50 na chanya 100, ukijumlisha unapata chanya 50 wakati mfukoni hujapata kitu, za logi ni hasi 0.693 na chanya 0.693, jumla sifuri, kama ilivyo kweli. Na kwa kuwa tunapandisha namba ya siku kuwa ya mwaka, tunahitaji kitu kinachojumlishika. Chagua moja tu utumie kwa pande zote mbili, usichanganye.

Tupige kwa mkono wiki moja

Fomula ya volatiliti ni fupi sana kiasi kwamba mtu anaiandika bila kujua ndani kuna nini, kwa hiyo tuchukue wiki ya tarehe 9 mpaka 13 Machi 2020 ya indeksi ya S&P 500 tuone. Ijumaa ya kabla yake, tarehe 6, ilifunga 2,972.37. Jumatatu 2,746.56, Jumanne 2,882.23, Jumatano 2,741.38, Alhamisi 2,480.64, Ijumaa 2,711.02.

Ritani za logi zinakuja hivi: -0.0790, 0.0482, -0.0501, -0.0999, 0.0888. Jumla yake ni -0.0920 na wastani ukigawa kwa tano ni -0.0184. Sasa toa wastani kwenye kila siku uone iko mbali kiasi gani: Jumatatu -0.0606, Jumanne 0.0666, Jumatano -0.0317, Alhamisi -0.0815, Ijumaa 0.1072. Zipige kila moja kwa yenyewe ili hasi ziondoke, jumlisha, unapata 0.02726. Gawa kwa nne, sio tano, kwa sababu wastani wenyewe tumeutoa kwenye hizohizo namba tano, unapata 0.006815. Kipeuo cha pili chake ni 0.0826, hiyo ndo standadi divieshen. Yaani siku ya kawaida ndani ya wiki ile ilikuwa mbali na wastani kwa kama asilimia 8.3.

Kuipeleka kwa mwaka unazidisha kwa kipeuo cha pili cha 252, ambacho ni 15.87, unapata 1.31, asilimia 131. Kwa nini kipeuo na sio 252 yenyewe? Kwa sababu kinachojumlishika siku hadi siku ni ile namba kabla ya kipeuo, 0.006815, hiyo ndo unaizidisha 252 halafu unaitoa kipeuo. Hapo ndani kuna dhana kwamba mwendo wa leo hautegemei sana mwendo wa jana, dhana ambayo kwa dhahabu na indeksi kubwa inakubalika siku za kawaida, ila wiki kama hii ya kushuka, kupanda, kushuka, inatikisika kidogo. Na 252 ni makadirio ya siku za soko kwa mwaka, 2017 zilikuwa 251 na 2020 ni 253, tofauti yake haibadilishi chochote cha maana ila tumia namba moja kwa wote.

Angalia kitu kingine kwenye mfano huu. Ijumaa soko lilipanda asilimia 9 na ndo siku iliyochangia zaidi kwenye mtawanyiko kuliko hata Alhamisi. Volatiliti haijui kupanda ni kuzuri. Tena bei ikishuka asilimia 1 kila siku bila kukosa kwa mwezi mzima, fomula itakupa sifuri, manake hakuna siku iliyokwenda tofauti na wastani. Kwa hiyo mtu akikwambia volatiliti ndogo maana yake hupotezi hela, mwonyeshe huo mfano.

Namba ya mwaka mzima

Kwenye K2 na K3 weka ya dhahabu, L2 na L3 ya hisa:

```
=STDEV.S(F3:F255)
=K2*SQRT(252)
```

Ya hisa badilisha F kuwa G na K2 kuwa L2. Kwenye K4 weka =COUNT(F3:F255), lazima isome 253, na L4 vilevile kwa kolamu G. Excel na LibreOffice zinakubali fomula hizihizi, ila bei itabidi uzilete kwa njia nyingine.

Kwa 2020 utapata dhahabu kwenye asilimia 20 hivi na hisa kwenye 34 hivi. Sasa tengeneza tab ya pili, ya 2017, fomula zilezile ila tarehe ziwe DATE(2016,12,30) na DATE(2018,1,1), ritani zitakuwa 251 kuanzia mstari wa 3 mpaka wa 253. Hapo hisa zinatoka chini ya asilimia 7, ulikuwa mwaka mtulivu ajabu kwa S&P 500, na dhahabu iko kama 10 au 11. Dhahabu imeshinda kwa kuyumba.

Kwa nini hivyo? Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba SPY sio hisa, ni kampuni 500 ndani ya kapu moja. Mwaka mtulivu kampuni hii inapanda na ile inashuka, zinafutana, kapu linabaki limetulia hata kama ndani watu wanaruka. Machi 2020 zote zilishuka kwa pamoja, kufutana kukaisha, volatiliti ya kapu ikalipuka. Dhahabu ni kitu kimoja, haina mwenzie wa kumfuta, kwa hiyo inakaa katikati muda mwingi. Ndo maana ukitaka ulinganisho wa haki ongeza kolamu ya tatu yenye kampuni moja, weka mfano "NYSE:NEM" ambayo ni Newmont, wachimba dhahabu. Utaona iko juu ya dhahabu yenyewe kwa mbali. Kampuni ya mgodi ina gharama ambazo hazishuki bei ya dhahabu ikishuka, faida ndo inayobanwa, hivyo dhahabu ikisogea kidogo hisa ya mgodi inasogea zaidi. Anayenunua hisa za AngloGold Ashanti wenye mgodi wa Geita akidhani ameshika dhahabu, ameshika kitu chenye mtikisiko wa aina nyingine kabisa.

Dirisha linalotembea

Namba moja ya mwaka inaficha mengi, 2020 ilikuwa na Machi ya vurugu na Agosti ya utulivu kwa hisa ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo tunapima siku 21 za mwisho, kama mwezi mmoja wa soko, tukisogea siku moja moja. Kwenye H23 ya dhahabu na I23 ya hisa, vuta mpaka chini:

```
=STDEV.S(F3:F23)*SQRT(252)
=STDEV.S(G3:G23)*SQRT(252)
```

Usiweke alama ya dola kwenye anwani za seli, dirisha linatakiwa lihame. Kisha chagua kolamu A, H na I, nenda Insert > Chart, uchague ya mstari. Kwenye J23 weka =H23/I23, huo ni uwiano, ukiwa juu ya 1 dhahabu ndo inayumba zaidi.

Machi na Aprili mstari wa hisa unapaa juu ya asilimia 80, wa dhahabu nao unapanda ila unabaki chini sana. Na wengi wanasahau kwamba dhahabu nayo ilishuka wiki ileile ya 9 Machi, watu walikuwa wanauza chochote kinachouzika ili wapate dola za kulipia hasara walizopata kwingine. Halafu shuka mpaka Agosti: dhahabu ilikuwa imepita dola 2,000 kwa mara ya kwanza, tarehe 11 Agosti ikaanguka zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja, wakati S&P 500 inapanda taratibu bila kelele. Uwiano unavuka 1. Kwa hiyo hata ndani ya 2020, mwaka ambao kwa jumla hisa ziliyumba kuliko dhahabu, kuna wiki kadhaa jibu liligeuka.

Chati hii ina mtego wake. Tarehe 16 Machi S&P 500 ilishuka asilimia 11.98, na siku hiyo inakaa ndani ya dirisha la siku 21 mpaka 14 Aprili. Tarehe 15 Aprili inatoka, na mstari unashuka, hata kama siku hiyo sokoni hakuna kilichotulia zaidi ya jana yake. Kwa hiyo ukiona mstari umeshuka ghafla, kabla hujaandika kwamba soko limetulia, hesabu nyuma siku 21 uone ni siku gani imetoka. Ukiona kuna ritani kubwa pale, basi huo mshuko umesababishwa na dirisha tu. Ukitumia dirisha la siku 60 huo mruko unakuwa mdogo zaidi, ila nalo linachelewa kuona mambo yakibadilika.

Na usishindane kwa desimali. Kwa siku 21, makadirio ya volatiliti yana kosa la kawaida la kama asilimia 15 ya namba yenyewe hata data ikiwa safi, unalipata kwa kugawa 1 kwa kipeuo cha pili cha mara mbili ya idadi ya siku. Yaani ukipata 16 jibu la kweli linaweza kuwa 14 au 18 bila shida yoyote. Kwa mwaka mzima kosa linashuka mpaka asilimia 4 na nusu hivi. Na kwa kuwa masoko yana siku za kishindo nyingi kuliko nadharia inavyodhani, makosa halisi ni makubwa kuliko hayo. Mtu akisema mwezi huu dhahabu ni 15 na hisa ni 16, jibu sahihi ni kwamba hazitofautiani.

Data inavyodanganya

Kosa kubwa kuliko yote kwa upande wa hisa ni kampuni kugawanya hisa zake. Apple ilifunga 499.23 tarehe 28 Agosti 2020, na 129.04 siku ya soko iliyofuata, tarehe 31, kwa sababu kila hisa moja iligeuzwa kuwa nne. Mwenye hisa alipata faida ya asilimia 3.4 siku hiyo. Lakini ukiwa na data isiyorekebishwa, LN inakupa -1.353, na siku hiyo moja peke yake inasukuma volatiliti ya mwaka mzima juu ya asilimia 130. Kuikamata ni rahisi, weka =MIN(G3:G255) na =MAX(G3:G255) kwa kila kolamu, na kila ritani iliyozidi 0.10 juu au chini uitafutie habari yake. Kwa SPY mwaka 2020 zitatokea na ni za kweli. Kwa GLD mwaka huo haitakiwi kutokea hata moja.

Gawio ni jambo dogo hapa. SPY inalipa mara nne kwa mwaka, bei inashuka kidogo siku ile, kwa volatiliti huwezi kuliona. Ungekuwa unapima faida ya miaka kumi ingekuwa habari nyingine.

Kwa upande wa dhahabu, tatizo la kawaida ni la wale wanaopakua XAUUSD, yaani bei ya dhahabu kwa dola, kutoka kwenye jukwaa la foreksi. Soko lile linafunguka Jumapili usiku, na seva nyingine zinaandika Jumapili kama siku kamili wakati ina saa chache tu. Unajikuta na mistari sita kwa wiki, zaidi ya 300 kwa mwaka, nyingi zenye ritani karibu na sifuri, halafu unazidisha kwa kipeuo cha 252. Dhahabu inaonekana imetulia kuliko ilivyo. Weka =WEEKDAY(A2) kwenye kolamu ya pembeni, ikitoka 1 ni Jumapili, futa mstari huo kabla ya kupiga ritani. Ukifuta baada ya kupiga ritani unatupa kipande cha mwendo wa Jumatatu.

Hisa za kwetu zina shida inayofanana na hiyo. Kampuni nyingi Dar es Salaam na hata Nairobi zinakaa siku kadhaa bei haijasogea kwa sababu hakuna aliyeuza wala kununua. Ritani ni sifuri, volatiliti inatoka ndogo, mtu anasema hisa hii imetulia kuliko dhahabu wakati ukweli ni kwamba haina soko. Pima hivi:

```
=COUNTIF(G3:G255,0)/COUNT(G3:G255)
```

SPY na GLD zitakupa karibu na sifuri. Ukipata zaidi ya 0.10 mimi naacha ritani za siku, natumia za wiki: bei ya kila Ijumaa tu, na unazidisha kwa SQRT(52). Dhahabu nayo uifanyie ya wiki hivyohivyo, usilinganishe wiki na siku.

Kama hela yako ni shilingi

Yote hapo juu ni kwa dola. Dhahabu ikihesabiwa kwa shilingi inabeba mitikisiko miwili, wa dhahabu na wa dola yenyewe, na kwa logi zinajumlishika tu: ritani ya shilingi ni ritani ya GLD ukiongeza ritani ya dola dhidi ya shilingi. Waliokuwa na dhahabu Kenya mapema 2024 walikiona hiki kitu, dola ilikuwa kama shilingi 160 mwishoni mwa Januari, baada ya serikali kununua sehemu ya Eurobond iliyokuwa inaiva ikashuka mpaka kwenye 130 na kitu ndani ya wiki chache, na dhahabu kwa shilingi ikashuka wakati kwa dola ilikuwa inapanda.

Kuiweka kwenye shiti, tengeneza tab ya tatu uiite Fedha, kwenye A1 leta bei ya dola kwa "CURRENCY:USDKES" au "CURRENCY:USDTZS" ukitumia "price" badala ya "close", na tarehe ya kuanzia irudi nyuma siku chache. Data ya fedha inakuja na saa za usiku na mara nyingi ina wikendi ndani yake, kwa hiyo usiipesti sambamba na GLD. Kwenye tab ya fedha weka C2 iwe =INT(A2) na D2 iwe =B2, vuta zote chini, kisha rudi kwenye tab ya GLD, M2, ukaivute kwa tarehe:

```
=VLOOKUP(INT(A2),Fedha!$C$2:$D$400,2,FALSE)
```

Halafu N2 iwe =B2*M2, bei ya GLD kwa shilingi, na ritani kwenye O3 kwa LN(N3/N2). Unganisha bei kwanza, ritani baadae. Ikitokea #N/A kwenye M maana yake siku hiyo bei ya dola haikuja, chukua ya siku iliyotangulia uiandike kwa mkono na seli uipake rangi, ili atakayefungua faili ajue namba hiyo haikutoka sokoni.